Ishirini hawakufanya jaribio la mwisho: uhalali wa ndani wa utafiti wa kusoma Tandahimba

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, nasomea shahada ya uzamili katika elimu. Mwezi Machi nilianzisha kipindi cha kusoma kwa sauti, dakika 30 kila siku, kwa darasa la pili katika shule mbili za huku kijijini. Kwa kulinganisha nikachukua shule mbili za Manispaa ya Lindi. Kila kundi lilianza na watoto 80, na jaribio la mwisho nililifanya Novemba. Huku wamepanda kutoka maneno 16 kwa dakika hadi 34, Lindi kutoka 20 hadi 32. Tatizo ni kwamba waliofanya jaribio la mwisho huku ni 60 tu, na kule 74. Msimamizi wangu ameandika pembeni: "Historia, ukomavu, mdondoko. Uhalali wa ndani uko wapi?" Nimekuambatishia jedwali la alama zote, za kusoma na za hesabu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Uhalali wa ndani ni uhakika kwamba kilichoinua alama ni kipindi chako, si matukio mengine ya mwaka huo, yaani historia, si watoto kukua tu, yaani ukomavu, wala si watoto kupotea kabla ya jaribio la mwisho, yaani mdondoko. Anzia kwenye mdondoko, maana ndio uliobadilisha namba zako kabla hujafika kwenye yale mengine mawili. Nimelifungua jedwali lako na nitalitumia hilohilo.

Unasema kundi lako limepanda maneno 18 na la Lindi 12, hivyo kipindi kimeongeza maneno 6 kwa dakika. Lakini ile 16 ya Machi ni wastani wa watoto 80, na ile 34 ya Novemba ni wastani wa watoto 60. Hao si watoto walewale. Ukiwatoa wale 20 kwenye hesabu ya Machi, utaona walikuwa wasomaji dhaifu kuliko wenzao: wastani wao ulikuwa maneno 7 tu kwa dakika. Sasa piga hesabu upya. Watoto 80 mara maneno 16 ni 1,280. Toa 20 mara 7, yaani 140, zinabaki 1,140. Gawa kwa 60, unapata 19. Watoto waliobaki hawakuanzia 16, walianzia 19, na kutoka 19 hadi 34 ni maneno 15, si 18.

Fanya vivyo hivyo kwa Lindi. Sita waliokosekana kule walikuwa na wastani wa 20, sawa na kundi lao zima, kwa hiyo waliobaki bado walianzia 20 na kupanda 12. Tofauti kati ya makundi mawili imeshuka kutoka maneno 6 hadi 3. Nusu ya matokeo uliyotaka kuyaandika yalikuwa yameletwa na watoto dhaifu kutokuwepo siku ya jaribio, wala hayakuhusiana na kipindi chako.

Hapo ndipo watafiti wengi wa elimu wanapokosea. Wanaripoti ni wangapi waliopotea, kisha wanaendelea. Idadi peke yake haisemi mengi. Lindi wangeweza kupoteza watoto 20 wenye wastani uleule wa 20, na ulinganisho wako usingeyumba kwa kiasi hiki. Kinachouumiza ni kwamba kundi moja limepoteza robo ya watoto na jingine chini ya kumi kwa mia, na waliopotea upande wako ni wa aina moja. Kwa hiyo katika sura ya nne usianze na wastani wa makundi. Anza na jedwali dogo linaloonyesha, kwa kila kundi, alama za Machi za waliobaki na za waliopotea, zikiwa bega kwa bega.

Kuna mtego mwingine hapa ambao nataka uuone vizuri, kwa sababu unakuja ukiwa umevaa sura ya habari njema. Mwezi Machi makundi yako yalitofautiana maneno 4, yaani 16 na 20. Kwa kuwa mkengeuko sanifu wa alama zako za Machi, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni kama 12, tofauti hiyo ni theluthi moja ya mkengeuko. Viwango vya What Works Clearinghouse, kituo cha Marekani cha kukagua ubora wa tafiti za elimu, vinakataa ulinganisho wa aina hii ikiwa tofauti ya mwanzo inazidi robo ya mkengeuko sanifu. Ukiwaangalia waliobaki tu, yaani 19 na 20, tofauti ni neno moja, chini ya sehemu moja ya kumi ya mkengeuko. Kwa kipimo hicho ungepita, mradi urekebishe tofauti ndogo iliyobaki kwa njia ya takwimu. Makundi yameonekana kufanana zaidi baada ya watoto kupotea, na mtu asiyejua yaliyotokea angeweza kuandika kwamba yalikuwa sawa tangu mwanzo. Kwa hiyo toa tofauti zote mbili, ya watoto 160 walioanza na ya 134 waliomaliza, na useme wazi ni nini kilichoipunguza.

Sasa, walikwenda wapi? Umechagua Novemba, na wewe unajua kuliko mimi Tandahimba huwaje Novemba. Ni katikati ya msimu wa korosho. Familia nyingi zinahamia shamba, watoto wanaokota mabibo na kuzitenga korosho chini ya mikorosho, wengine wanabaki kulea wadogo zao wakati wazazi wako shamba au wanapeleka mzigo kwenye chama cha msingi. Mtoto wa Manispaa ya Lindi hana sababu hiyo kwa kiasi hichohicho. Na watoto wanaokosa shule kwa sababu ya korosho si sampuli ya darasa lako. Mara nyingi ni wa kaya zinazotegemea mikono ya kila mtu, ndio waliokuwa wakikosa shule hata Mei, ndio waliokuwa na maneno 7 kwa dakika.

Rejesta ya mahudhurio itakusaidia kuwagawa hao 20. Kuna aliyehama kwa barua ya uhamisho, huyo ameondoka kwa sababu ambayo pengine haihusiani na uwezo wake wa kusoma. Kuna aliyekuwa mgonjwa siku ile moja. Kuna mtoro wa wiki sita mfululizo. Na kuna uwezekano mmoja ambao lazima uuchunguze bila kujionea huruma: mtoto aliyekuwa akiona aibu kusoma kwa sauti mbele ya wenzake kila siku, akaanza kukwepa shule. Ukikuta watoro walianza kukosa Aprili, mara tu baada ya kipindi kuanza, basi mdondoko wenyewe ni sehemu ya matokeo ya kipindi chako, na huwezi kuusukumia korosho. Ukikuta walikuwepo hadi Septemba kisha wakatoweka, korosho inabaki kuwa maelezo yenye nguvu zaidi.

Swali linalofuata ni hili: je, matokeo yako yangesimama kama hao 20 wangepimwa? Huwezi kujua, lakini unaweza kujua yangeanguka wapi. Chukua watoto 60 waliopanda maneno 15 kila mmoja kwa wastani, jumla 900. Ili wastani wa wote 80 ufike 12, sawa na Lindi, unahitaji jumla ya 960. Zinapungua 60, ambazo ukizigawa kwa watoto 20 ni maneno 3 kwa kila mtoto. Kwa maneno mengine, ikiwa waliopotea walipanda chini ya maneno 3 tangu Machi, faida yote ya kipindi inakwisha. Wakiwa wamepanda 6, unabaki na faida isiyofika hata neno moja. Andika kikomo hicho cha maneno 3 kwenye tasnifu. Msomaji anayezijua shule za Kusini atapima mwenyewe kama mtoto aliyekosa wiki nyingi za Oktoba na Novemba anaweza kukivuka.

Bora zaidi ya kukisia ni kuwapima. Shule zikifunguliwa Januari wengi watakuwa wamerudi, na mtihani wa kusoma kwa dakika moja haumalizi muda. Lakini usiwapime wao peke yao. Kati ya Novemba na Januari kuna likizo, na mtoto wa umri huu anaweza kushuka au kupanda ndani ya likizo. Wapime waliokosekana wa makundi yote mawili, na katika wiki hiyohiyo wapime tena watoto 15 kati ya waliobaki kwa kila kundi, uliowachagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha. Hao 15 watakuambia likizo imefanya nini, nawe utaweza kuzisoma alama za waliokosekana kwa haki. Tumia kifungu cha kusoma chenye ugumu uleule lakini si kilekile cha Novemba.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye ukomavu. Wengi wanadhani kundi linganishi likishakuwepo, ukomavu umekwisha: watoto wa Lindi nao wamekua miezi minane, wamepanda maneno 12, basi toa hizo 12 na kinachobaki ni kipindi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja tu, kwamba makundi yote mawili yangepanda kwa kasi moja kama kipindi kisingekuwepo. Katika kusoma Kiswahili darasa la pili sharti hilo ni gumu. Mtoto hapandi kama ngazi zenye vipimo sawa. Kwa sababu herufi zetu zinasomeka jinsi zilivyoandikwa, mtoto hukaa muda mrefu kwenye silabi, ba be bi bo bu, anasoma maneno mawili au matatu kwa dakika, kisha siku akishaweza kuunganisha silabi anaruka haraka sana. Aliyekuwa na maneno 18 mwezi Machi ameshavuka mto huo. Aliyekuwa na 5 bado yuko ukingoni, na hujui atavuka Aprili au mwakani.

Jedwali lako linaonyesha jambo hilo waziwazi, ingawa hukulitaja. Watoto 15 wa Lindi walioanza chini ya maneno 10 na wakamaliza wamepanda maneno 6 tu. Wenzao 59 walioanza juu ya hapo wamepanda zaidi ya 13. Kwa hiyo ile 12 si kasi ya kila mtoto, ni mchanganyiko wa kasi mbili. Na hapa haki inarudi upande wako kidogo. Kundi lako la awali lilikuwa na watoto wengi zaidi wa chini, kwa hiyo hata bila kipindi lisingepanda 12, lingepanda pungufu. Kuwalinganisha hao 20 waliopotea na wastani wote wa Lindi ni kuwadai zaidi ya wanachodaiwa. Walinganishe na wale 15 wa Lindi walioanza chini kama wao. Gawa makundi yote mawili katika tabaka kwa alama za Machi, sema sifuri, 1 hadi 9, na 10 kuendelea, kisha linganisha kupanda ndani ya kila tabaka. Tabaka moja likiwa na watoto wachache mno, sema hivyo na usilitolee hukumu.

Jambo moja kuhusu uchaguzi wa shule, kwa kifupi: kama ulizichukua shule hizo mbili za Tandahimba kwa sababu zilikuwa zimefanya vibaya kwenye upimaji wa mwaka uliotangulia, sehemu ya kupanda kwao ni kurudi tu kwenye hali yao ya kawaida. Alama mbaya kupindukia za mwaka mmoja huwa na bahati mbaya ndani yake, na bahati mbaya hairudii kila mwaka. Eleza ulichaguaje.

Imebaki historia, na kwako hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ukomavu. Tukio linalozipata shule zote nne halikudhuru. Upimaji wa darasa la pili wa mwisho wa mwaka, kwa mfano, unawafanya walimu wote waongeze mazoezi ya kusoma, Lindi na Tandahimba, na kundi linganishi linalimeza hilo. Kinachokudhuru ni tukio la upande mmoja. Na wewe makundi yako hayakutenganishwa na kipindi peke yake. Yametenganishwa na mkoa, kijiji na mji, zao la biashara, na umbali wa zaidi ya kilomita 100 za barabara. Chochote kilichoipata Mtwara bila Lindi, au Lindi bila Mtwara, kinajificha nyuma ya kipindi chako.

Mikoa hii miwili ina mfano mzuri wa hatari hiyo. Katika muongo uliopita Lindi ilikuwa ndani ya EQUIP-Tanzania, mradi uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, wakati Mtwara ilikuwa ndani ya Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kuanzia 2016. Yote miwili iligusa kusoma katika madarasa ya awali, kwa vitabu, mbinu na mafunzo tofauti. Mtu aliyelinganisha shule za Mtwara na za Lindi miaka ile, akadhani anapima kipindi chake, alikuwa pia anapima miradi miwili mikubwa bila kuitaja. Miradi hiyo imekwisha, lakini walimu waliofunzwa bado wako madarasani na baadhi ya vitabu viko kabatini. Uliza kila mwalimu wa darasa la pili katika shule zako nne alipata mafunzo gani na lini. Ni swali la dakika mbili, na jibu lake linaingia moja kwa moja kwenye sura ya nne.

Kuna dalili nyingine kwenye jedwali lako inayonifanya nisilipite suala hili haraka. Umeweka shule zako mbili pamoja. Nimezitenganisha. Kila moja imebaki na watoto 30. Ya kwanza imepanda maneno 19 kwa dakika, ya pili 11. Ya pili, iliyopata kipindi kilekile cha dakika 30, haijawazidi watoto wa Lindi kabisa. Faida yako yote ya maneno 3 inatoka shule moja. Sasa tazama hesabu, ambazo kipindi chako hakikuzigusa: kati ya maswali 20 ya kujumlisha, Lindi wamepanda maswali 2, shule yako ya pili 2, na shule yako ya kwanza 5. Maswali yale ni namba tupu, hayahitaji kusoma sentensi. Kama kipindi cha kusoma kwa sauti ndicho kilichoinua shule ya kwanza, kwa nini kujumlisha nako kumeinuka hivyo?

Wewe mwenyewe, bila kukusudia labda, ulijijengea kipimo kizuri pale ulipochukua alama za hesabu. Somo ambalo kipindi hakiligusi, lakini ambalo lingeguswa na karibu kila kitu kingine kama mahudhurio, chakula, mwalimu mpya au mwalimu mkuu mkali, ni shahidi wa historia. Kusoma kungepanda na hesabu zikabaki pamoja na za Lindi, ningekuwa na imani zaidi na kipindi chako. Vyote viwili vimepanda katika shule moja, kwa hiyo nashuku kuna kitu kingine kilichotokea pale.

Kitafute. Nenda katika shule ile ukiwa na tarehe zako za Machi na Novemba, uombe kitabu cha wageni. Kila afisa elimu kata, mthibiti ubora, mfadhili au mtu wa mradi aliyepita ameacha jina na sababu ya kuja. Kisha linganisha rejesta ya mahudhurio mwezi kwa mwezi. Kama kuanzia Julai mahudhurio ya shule ile yanaruka na ya shule ya pili hayaruki, uliza kamati ya shule kama wazazi walianza kuchangia uji. Uliza kama mwalimu wa darasa alibadilishwa katikati ya mwaka, kama mikondo miwili iliunganishwa au kugawanywa, kama kuna mwalimu wa kujitolea aliyekuja. Fanya uchunguzi huohuo katika shule ya pili na katika shule mbili za Lindi, vinginevyo utaona tu kile unachokitafuta. Uliza pia kuhusu jando na unyago wa likizo ya Juni, na kama watoto wa kundi moja walichelewa kurudi shuleni kuliko wa jingine.

Ukikuta uji, kwa mfano, hutaweza kuutoa kwa takwimu. Kwa shule mbili kila upande, jambo linaloipata shule moja nzima halitenganiki na kipindi katika shule hiyo, hata uwe na watoto 80 au 800. Programu ya kompyuta itakupa namba ya umuhimu wa kitakwimu ikiwahesabu watoto 134 kana kwamba kila mmoja ni ushahidi unaojitegemea, na namba hiyo itakuwa ndogo na ya kupendeza. Usiiegemee. Ulichonacho kwa swali la historia ni shule nne. Onyesha matokeo ya kila shule kwa mstari wake katika grafu, Machi hadi Novemba, kusoma juu na hesabu chini, na umwachie msimamizi wako aone.

Ukitaka kurudia utafiti huu mwakani, mabadiliko matatu yatakusaidia kuliko takwimu yoyote. Tafuta shule linganishi huko huko Tandahimba au Newala, kwenye mikorosho ileile, ili msimu uwapate wote. Pima mara mbili kabla ya kuanza, Januari na Machi, ili uone kasi ya kila kundi kabla hujagusa kitu. Na jaribio la mwisho lifanye Agosti, kabla msimu haujashika kasi. Kipindi kitakuwa kifupi, lakini watoto watakuwepo.

Kwa tasnifu ya sasa, sentensi yako ya matokeo isomeke hivi, ukibadilisha namba baada ya kuwapima waliokosekana Januari: watoto waliobaki katika shule zenye kipindi walipanda maneno 3 kwa dakika zaidi ya wenzao wa shule linganishi, faida hiyo inatoka shule moja kati ya mbili, ambayo ilipanda pia katika hesabu, na ingetoweka ikiwa watoto 20 ambao hawakupimwa walipanda chini ya maneno 3. Msimamizi wako akisoma hivyo atajua kwamba umeyajibu yote matatu aliyoyaandika pembeni. Nitumie orodha ya hao 20 pamoja na tarehe walizoanza kukosekana, bila majina, kabla ya shule kufunguliwa, tuipange ratiba ya kuwapima.